Mshindani Wako ni Mvua

Mvua za masika zikianza kumwagika usiku Dar es Salaam, kuna kazi hufanyika kimyakimya katika mitaa iliyojengwa bila kupimwa. Mwenye nyumba ambaye choo chake kimejaa huchukua sururu akatoboa ukuta wa shimo upande wa mteremko, au akazibua bomba alilolitega siku nyingi, na maji ya mvua hubeba kilichomo hadi mferejini, kwa jirani wa chini, kisha mtoni. Wenyewe wanasema wametapisha choo. Kukipambazuka mtaa unanuka, kila mtu anajua ni nani katapisha, na wengi hunyamaza kwa kuwa mwakani huenda zamu ikawa yao.

Mpita njia huona uzembe. Afisa afya huona kosa, na kisheria ni kosa kweli. Lakini kijana anayetafuta huduma ya kuanzisha mtaani kwake angemtazama mtu yule kwa jicho jingine. Huyu ameamka usiku wa manane kwenye mvua, amefanya kazi ya kuchukiza, amejiweka kwenye hatari ya kutozwa faini na ya kugombana na jirani. Shida yake ameshailipia, ila malipo hayo hayakumfikia mtu yeyote aliyemhudumia.

Wengi wanaowaza biashara hujiuliza mtaa wao unakosa nini, nao huishia na orodha ya vitu walivyoviona mitaa mingine. Kitu kukosekana si ushahidi kwamba kinatakiwa. Huenda kilishaletwa kikafa kwa kukosa wateja. Ushahidi wenye uzito ni zile mbinu ambazo watu hujitungia ili siku ipite: wanachokifanya kwa taabu, kwa aibu au kwa kuvunja sheria, kwa sababu njia ya kawaida haiwafikii. Penye mbinu ya namna hiyo inayorudiwa nyumba hadi nyumba, pana haja ambayo hakuna aliyeihudumia vizuri.

Tubaki na mfano wa choo. Si wa kupendeza mezani, lakini unafundisha, na Dar es Salaam ni mji ambao huduma hii imejaribiwa kwa njia kadhaa kwa zaidi ya miaka 30.

Anayetaka kuiona haja hii mtaani kwake hahitaji dodoso kwanza. Anahitaji kutembea katika uchochoro uleule nyakati tofauti: alfajiri watu wanapopanga foleni ya choo, mchana jua likiwa kali, na asubuhi baada ya mvua kubwa. Atazame vyoo vilivyoinuliwa kwa matofali au matairi ya gari, hata mtu hupanda ngazi mbili tatu kuingia. Dalili hiyo humwambia kwamba maji ya ardhini yako karibu na shimo halikuweza kuchimbwa kwenda chini. Atazame makopo ya dawa za kuyeyushia uchafu yaliyotupwa nyuma ya nyumba, chumvi na majivu yanayomwagwa shimoni, shimo la pili lililochimbwa pembeni ya la kwanza huku uwanja umekwisha. Aone mlango wa choo uliotiwa kufuli na wapangaji wanaokwenda kujisaidia kwa jirani. Kila kimoja ni njia ya kuahirisha siku ya kunyonya.

Baada ya kuona ndipo kuuliza, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Ukimuuliza mtu kama angependa huduma ya kunyonya choo kwa bei nafuu, atakubali. Kukataa ni utovu wa adabu, na kukubali hakumgharimu kitu. Ukirudi na mapipa yako utakuta amesafiri. Maswali yenye faida huhusu jambo lililokwisha kutokea. Kwa mfano, mazungumzo na mama mwenye nyumba yanaweza kwenda hivi:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu, karibu.”

“Ahsante mama. Nilikuwa nauliza, choo hiki kilijaa lini mara ya mwisho?”

“Mmh, hiki? Mwaka juzi, kama sikosei. Kabla ya Ramadhani.”

“Mkafanyaje?”

“Tulimwita mwenye gari. Akaja akaangalia, akasema mpira haufiki. Akaondoka na hela yetu ya mafuta.”

“Poleni sana. Kisha?”

“Kisha tukasubiri masika, baba. Tungefanyaje?”

“Ile hela ya gari ilitoka kwa nani, mama?”

“Nilizungusha kwa wapangaji. Wawili walitoa, wengine wakasema choo ni cha mwenye nyumba. Nikamalizia mwenyewe.”

Katika maneno hayo machache yamo mambo ambayo swali la “ungependa” lisingeyatoa. Mama alishawahi kutafuta huduma kwa fedha zake, kwa hiyo ni mteja wa kweli. Kilichomkwamisha ni mpira wa gari. Fedha hupatikana kwa kuchangishana, na hapo pana mgogoro wa nani alipe. Na masika ndiyo tarehe yake ya mwisho.

Asiulizwe mmoja tu. Mpangaji mwanamke ndiye anayesafisha choo na kujua kimejaa kiasi gani, lakini mara nyingi mwenye kauli ya kulipa ni mwenye nyumba, na huenda anaishi Mbagala wakati nyumba iko Tandale. Mafundi wanaochimba vyoo wanajua udongo na kina cha maji. Dereva wa gari la majitaka anajua nyumba alizozikimbia na sababu zake. Mjumbe wa shina anajua ugomvi wote. Ni kwa kulinganisha kauli zao ndipo picha hutulia, kwa sababu kila mmoja huficha kidogo: mwenye nyumba hasemi kwamba alitapisha, jirani wa chini husema kwa sauti kubwa.

Sasa linakuja swali ambalo mimi naliona kuwa kiini cha kazi nzima: kama haja ipo na fedha zipo, kwa nini wanaonyonya vyoo tayari hawaihudumii? Hawakosi akili. Wana sababu, na wazo la huduma hukaa ndani ya sababu hizo.

Ya kwanza ni njia. Gari la majitaka ni lori, nalo huishia penye barabara. Mpira wake ukishavutwa makumi ya mita nguvu ya kunyonya hupungua. Chukua kamba yenye alama za mita, pita kila uchochoro, andika upana wake na umbali wa choo hadi mahali lori linapoweza kusimama. Ukichora ramani ya mkono kwenye daftari utaona mtaa unagawanyika sehemu tatu: nyumba ambazo lori linazifikia, nyumba ambazo guta la injini linazifikia, na nyumba ambazo mtu hupita kwa miguu tu, tena upande upande. Sehemu ya kwanza ina wenyewe. Ya tatu inatia huruma lakini itakumaliza nguvu mapema. Aanzaye huanza na ya katikati.

Sababu ya pili ni takataka. Mashimo ya nyumba za kupanga humezeshwa vitambaa, nepi, taulo za kike, chupa na mifuko, kwa kuwa ukusanyaji wa taka nao ni wa kubahatisha. Takataka hizo huziba mpira, na dereva anayelipwa kwa safari hawezi kukaa saa nzima akizivua kwa ndoano.

Ya tatu ndiyo isiyoonekana kwa haraka. Lori huuza safari nzima. Tangi lake ni la maelfu ya lita, na bei ni ya tangi, uwe umetoa lita 500 au 5,000. Watu wa mitaa hii hununua mafuta ya kula kwa kipimo, mkaa kwa kopo na umeme wa LUKU kwa shilingi elfu mbili mbili, kisha huduma ya choo peke yake inawataka walipe kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana mama yule alizunguka akichangisha.

Hapo wazo hubadilika sura. Si “kunyonya vyoo” tena. Ni kupunguza choo: kuja na pampu ya mkono na mapipa ya lita 50, kuvua takataka, kutoa mapipa machache kadiri fedha zilivyo, kuyafunga vizuri, kuyabeba kwa guta hadi mahali panaporuhusiwa kumwaga. Shimo halimalizwi, linapungua kiasi cha kuendelea kutumika kwa miezi kadhaa.

Kupunguza kuna faida nyingine ambayo fundi yeyote wa Vingunguti au Tandale atakuambia. Mashimo mengi yamejengewa kwa mapipa, matairi au matofali yaliyopangwa tu, na maji ya ardhini yanasukuma kutoka nje. Ukilimaliza shimo la namna hiyo wakati wa mvua, kuta zinaweza kuporomoka na kibanda kikafuata. Kilichomo ndani ndicho kinachozishikilia. Kwa hiyo yule anayetoa robo anamlinda mteja zaidi ya yule anayetaka kukomba hadi chini.

Pampu zipo. Kati ya 1988 na 1992 shirika la Kiholanzi la WASTE lilijaribu Dar es Salaam mtambo ulioitwa MAPET: pampu ya kuzungusha kwa mkono na tangi la lita 200 vilivyosukumwa kwa mkokoteni, na uchafu ukazikwa kwenye shimo jirani. Watu waliupenda. Baadaye huduma ilififia, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni vipuri vilivyokuwa vigumu kupatikana hapa. Miaka ya 2000 Steven Sugden wa chuo cha afya na tiba za tropiki cha London akabuni Gulper, pampu nyepesi ya bomba la plastiki na fimbo ya chuma inayovutwa juu na chini kama pampu ya kisima. Ilijaribiwa Temeke, kisha ikaenea Kampala na kwingine. Ubora wake mkubwa ni kwamba fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kuitengeneza na kuikarabati. Ina mipaka: hufika mita moja hadi mbili hivi kwenda chini, uchafu mzito huhitaji kuongezewa maji na kukorogwa, na takataka lazima zivuliwe kabla. Kwa kazi ya kupunguza, kina hicho kinatosha.

Kisha hesabu, na hesabu ya wazo changa huandikwa ukurasa mmoja. Tarakimu zitakazofuata nimezibuni kwa ajili ya kuonyesha njia. Bei za mtaani kwako zitaziondoa.

Tuseme nyumba ina vyumba 7 na watu 14. Makadirio yanayotumiwa na wajenzi wa vyoo ni lita 40 hadi 60 za uchafu kwa mtu kwa mwaka. Tukichukua 50, nyumba hiyo huongeza lita 700 kwa mwaka. Guta hubeba mapipa 10 ya lita 50, yaani lita 500, na uzito wake ni karibu kilo 500 kwa kuwa uchafu huu una uzito wa maji. Safari moja basi humpa mama nafasi ya miezi 8 hivi, pungufu kama maji ya ardhini yanaingia shimoni. Tukiuza pipa kwa shilingi 7,000, safari ni 70,000, sawa na 10,000 kwa kila chumba. Kwa lita moja mama atalipa zaidi ya anayelipia lori, na hilo si jambo la kufichwa. Lakini lori halimfikii, na elfu kumi kwa chumba inachangishika kwa urahisi kuliko mkupuo wa tangi zima.

Upande wa gharama, watu watatu wanaolipwa 15,000 kila mmoja ni 45,000 kwa siku, na kukodi guta 30,000. Hizo 75,000 hulipwa hata kama mmefanya safari moja. Kila safari huongeza mafuta, ada ya kumwaga, chokaa, sabuni na glavu, tuseme 20,000. Siku ya safari moja inaingiza 70,000 na kutumia 95,000: hasara ya 25,000. Siku ya safari mbili inaingiza 140,000 na kutumia 115,000: faida ya 25,000. Siku ya safari tatu, faida ni 75,000.

Tazama kilichoamua. Si bei ya pipa, wala uhodari wa pampu. Ni idadi ya safari, na safari huamuliwa na umbali wa mahali pa kumwaga na foleni yake. Dar es Salaam kuna mabwawa ya majitaka, kama yale ya Vingunguti, yanayopokea uchafu unaoletwa na magari. Aliye karibu nayo ana biashara. Aliye mbali, akikwama njiani saa tatu, ana siku ya safari moja, na siku ya safari moja inakula mtaji. Ndiyo maana nasema mtu asinunue pampu kabla hajakwenda mwenyewe bwawani, akauliza kama guta lenye mapipa linapokelewa au ni malori tu, ada ni kiasi gani, na lango hufunguliwa saa ngapi. Wazo lisilo na jibu hapo huishia vibaya: jioni moja vijana waliochoka watamwaga mferejini, na mtaa utakuwa umepata mtapishaji mpya mwenye sare.

Vibali navyo viulizwe mapema, kwa afisa afya wa kata na idara ya afya ya manispaa, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajue. Hii ni kazi inayogusa Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, na kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 hakijasahaulika ofisini humo. Mfanyakazi avae buti na glavu nzito, asiingie shimoni kwa sababu yoyote ile, maana hewa ya humo huua na kuta huporomoka. Penye kumwagika panyunyizwe chokaa na paoshwe. Mayai ya minyoo huishi miezi mingi kwenye uchafu, na watoto huchezea uchochoroni.

Jaribio la kwanza lisihitaji mkopo. Kodi au azima pampu, kodi guta kwa siku mbili, na kabla ya siku hizo tafuta nyumba tano au sita za sehemu ile ya katikati zitakazolipa malipo ya awali. Sisemi ziahidi. Zilipe, hata elfu tano. Ukipata majina 20 ya waliofurahi na hakuna aliyetoa kitu, umeshajibiwa. Zikilipa, siku hizo mbili andika kila kitu: dakika za kuvua takataka, dakika za kujaza mapipa, muda wa njiani, nani alilalamika harufu. Karibu mara zote kuvua takataka huchukua muda mrefu kuliko ilivyodhaniwa, na hapo huamuliwa kama kazi hiyo itakuwa na bei yake peke yake.

Andika pia kile ambacho wateja wanakifanya tofauti na ulivyopanga. M-Pesa ya Kenya ilipojaribiwa 2005 ilikusudiwa kulipia marejesho ya mikopo midogo. Watumiaji wakaitumia kutumiana fedha kwa shughuli zao nyingine, na ilipozinduliwa Machi 2007 kutuma fedha nyumbani ndiko kulikotangazwa. Katika huduma ya choo huenda ukakuta wanaokuita si wenye nyumba bali mama ntilie anayepoteza wateja kwa harufu ya choo cha jirani, au msikiti unaojiandaa kwa Ramadhani, na hao hulipa bila kuzungushwa.

Dalili za kuacha ziwekwe wazi tangu mwanzo, kwa sababu mtu akishanunua pampu huanza kuitetea. Kama bwawa haliwapokei, acha. Kama nyumba za sehemu ya katikati hazifiki idadi ya kukupa safari mbili kwa siku katika miezi ya kiangazi, acha, au unganisha mitaa miwili. Kama wenye nyumba wote wanaishi mbali na hakuna mpangaji mwenye kauli, tarajia kudai kuliko kunyonya. Lakini kama kinachokukwamisha ni vijana kuona aibu ya kazi, hicho kinatibika kwa sare safi, mapipa yenye vifuniko na malipo ya siku hiyohiyo.

Kuna mshindani mmoja ambaye hatakwenda popote. Mvua haitozi, haihitaji miadi, na hubeba kuliko guta lolote. Mteja aliyepunguziwa Septemba atakuwa amejaa tena karibu na Mei, katikati ya masika, na akiachwa peke yake atachukua sururu. Kwa hiyo daftari la wateja liwe na tarehe ya kila nyumba, idadi ya mapipa na namba ya simu ya anayekusanya michango, na simu zipigwe Februari, wakati uchochoro bado ni mkavu na guta linapita.